Kahawa ya Maji na Kahawa ya Jua: Mlaji Ajue Anacholipia



Mlaji akitazama rafu ya duka atakuta pakiti mbili za kahawa ya Tanzania, kila moja ikiwa na gramu 250, zote zimekaangwa na kusagwa, lakini bei zake zimepishana sana. Wengi huamua kwa kubahatisha. Mmoja huchukua ya bei ya juu akiamini kwamba bei ni ushahidi wa ubora. Mwingine huchukua ya bei ya chini akiamini kwamba kahawa ni kahawa. Wote wawili wanaweza kupata hasara, kwa sababu hakuna kati yao aliyeuliza jinsi mbegu ilivyotolewa ndani ya tunda.

Bei ya kahawa hutokana na mambo mengi: aina ya mti, mwinuko wa shamba, ukaangaji, ufungashaji na safari ya bidhaa hadi dukani. Katika mazungumzo haya tumechagua jambo moja tu, ambalo mlaji haelezwi mara nyingi ingawa linagusa ladha ya kikombe chake na fedha anazotoa. Nalo ni tofauti kati ya kahawa iliyotayarishwa kwa maji na kahawa iliyokaushwa juani pamoja na tunda lake. Nchi yetu ina njia zote mbili, hivyo hatuna haja ya kutafuta mifano mbali.

Tunda na tabaka zake

Kile tunachokiita punje ya kahawa ni mbegu ya tunda. Tunda la mbuni likiiva huwa jekundu, na katika baadhi ya aina huwa la manjano. Juu lina ngozi, na chini ya ngozi kuna nyama kidogo yenye utamu. Baada ya nyama unakuja ute unaoteleza, ulioshikamana na ganda gumu na jembamba mfano wa karatasi. Kwa kawaida tunda huwa na mbegu mbili zilizolaliana kwa upande wa bapa, kila moja ndani ya ganda lake, na kila moja imevikwa utando mwembamba sana wa rangi ya fedha.

Mbegu hiyo haiwezi kukaangwa mpaka ivuliwe tabaka hizo na ikaushwe. Njia zote mbili hufika hapo. Zinachotofautiana ni mpangilio wa kazi: njia ya maji huivua mbegu kwanza, kisha huikausha, njia ya jua huikausha ikiwa ndani ya tunda zima, kisha huivua. Tofauti zote za ladha na bei tutakazozieleza zinaanzia katika mpangilio huo.

Njia ya maji: mfano wa Kilimanjaro

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro hulimwa arabika, na kwa miaka mingi wakulima wa huko wameitayarisha kwa maji. Kazi huanzia kwenye kuchuma. Mchumaji hana budi kuchagua tunda moja moja lililoiva, na kuurudia mti uleule mara kadhaa katika msimu, kwa sababu matunda ya tawi moja hayaivi kwa siku moja. Uangalifu huo una sababu ya kiufundi: mashine ya kumenya hulibana tunda mpaka mbegu zichomoke, na tunda bichi ni gumu, halichomoki vizuri.

Matunda yakifika kwenye mtambo hutiwa majini. Yaliyo mazito huzama. Yaliyotobolewa na wadudu, yaliyokauka mtini au yasiyo na mbegu kamili huelea na kuenguliwa. Kisha humenywa siku ileile, kwani matunda yakilala ndani ya gunia huanza kupata joto na kuoza.

Baada ya kumenywa, mbegu bado ina ute ambao hauondoki kwa kuoshwa mara moja. Hapo huwekwa kwenye tangi ili ute uchachuke na kulegea. Kazi hiyo huweza kuchukua saa 12 mahali penye joto, na hata saa 36 au zaidi kwenye baridi ya mlimani. Hakuna saa inayoweza kumwambia fundi kwamba imetosha. Anayemwambia ni mkono wake. Huchota mbegu chache, akazisuuza na kuzisugua kiganjani. Zikiwa bado zinateleza, husubiri. Zikikwaruza na kutoa sauti kama ya changarawe, huziosha mara moja kwa maji safi. Akichelewa, uchachu huingia ndani ya mbegu, na kahawa hiyo itakuja kunuka siki au uozo hata ikaangwe kwa ustadi gani.

Mbegu zilizooshwa, zikiwa bado ndani ya ganda lake la karatasi, huanikwa kwenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Hugeuzwa mara kwa mara, na hufunikwa wakati wa jua kali la adhuhuri, mvua inaponyesha na usiku. Huingia kichanjani zikiwa na unyevu wa karibu nusu ya uzito wake, na hutoka baada ya siku 7 hadi 14 zikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Mwisho hupelekwa kiwandani kukobolewa na kupangwa katika madaraja.

Njia ya jua: mfano wa Kagera

Mkoani Kagera, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, zao kubwa ni robusta, na njia iliyozoeleka ni ya jua. Iko pia arabika ya huko ambayo hukaushwa kwa njia hiyohiyo, na katika biashara huhesabiwa kuwa kundi tofauti na arabika iliyooshwa.

Njia ya jua ndiyo ya kale zaidi, na kwa macho ndiyo rahisi: tunda huchumwa, huanikwa zima, na huachwa mpaka mbegu icheze ndani ya ganda likitikiswa. Kahawa iliyofikia hapo wakulima huiita kahawa ya maganda. Hukaa juani wiki mbili hadi nne, yaani karibu mara mbili ya muda wa kahawa iliyooshwa, kwa kuwa unyevu hauna budi kupenya nyama, ute na ngozi ndipo utoke. Baadaye kinu huondoa tabaka zote kwa mkupuo mmoja.

Wepesi huo ndio unaoficha hatari. Tunda zima lina sukari na maji mengi, na ukungu hupenda vyote viwili. Likianikwa juu ya udongo mtupu, likarundikwa tabaka nene, au likanyeshewa na kukaa bila kugeuzwa, huota ukungu. Mbegu hupata harufu ya vumbi, udongo au gunia lililolowa, na baadhi ya ukungu hutoa sumu iitwayo okratoksini, ambayo ukaangaji huipunguza lakini hauiondoi yote. Kwa hiyo mkulima anayeikausha vizuri hufanya kazi isiyopungua ile ya mwenzake wa mlimani: huchuma matunda mekundu, huyatandaza tabaka jembamba juu ya kichanja, mkeka au sakafu ya saruji, huyageuza kila siku, na huyafunika kabla ya umande.

Kilo 60 zipite njia zote mbili

Ili tuone tofauti inapoingia, tuchukue kilo 60 za matunda mabivu ya arabika, zote zikiwa nzuri, tuzifuate mpaka mwisho.

Zikipita njia ya maji, baada ya kumenywa, kuoshwa na kuanikwa hubaki takriban kilo 12 za mbegu zenye ganda la karatasi. Zikikobolewa hutoa takriban kilo 10 za punje safi. Zikipita njia ya jua, kilo zilezile 60 huwa kilo 20 hadi 24 za kahawa ya maganda, nazo zikikobolewa hutoa karibu kilo 10 vilevile. Kilo 10 za punje zikikaangwa hupoteza sehemu ya uzito na kubaki kama kilo 8 na nusu, ambazo ni pakiti 33 au 34 za gramu 250. Kwa maneno mengine, kila pakiti hiyo imebeba karibu kilo 1 na gramu 800 za matunda mabivu, kwa njia yoyote ile.

Mfano huu unatufundisha kwamba tofauti ya bei haitokani na uzito. Basi inatoka wapi? Tuchukue tena kilo 60, lakini safari hii kilo 10 kati yake ziwe matunda mabichi na mengine yaliyotobolewa na wadudu. Katika njia ya maji, yaliyotobolewa huelea na kuondolewa, na mabichi hukwama au hutoka hayajamenyeka, yakachaguliwa kwa mkono. Mwenye mtambo hubaki na kahawa pungufu, lakini iliyo safi. Katika njia ya jua hakuna hatua inayomlazimisha mtu kuyatenga. Yakikauka yote huwa na rangi moja ya kahawia iliyokolea, na jicho haliwezi tena kulijua lililokuwa bichi. Yataingia kinuni pamoja, na yatamfikia mlaji pamoja, yakileta ukakasi mdomoni na uchungu usio na ladha.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi mkubwa anayenunua kahawa iliyooshwa hulipia uchaguzi ambao tayari umefanyika. Hulipia pia mashine, maji, wafanyakazi wa kuchuma kwa mizunguko, na hasara ya matunda yaliyokataliwa. Aidha hulipia uhakika kwamba gunia la kumi litafanana na la kwanza. Katika kahawa ya jua ya kawaida uhakika huo ni mdogo, na bei hushuka kulingana na shaka hiyo.

Jua lisilaumiwe kwa makosa ya tunda

Hapa hatuna budi kusahihisha dhana iliyoenea, kwamba kahawa ya jua ni kahawa duni. Dhana hii ina chanzo chake. Katika nchi jirani ya Kenya, arabika inayokaushwa na tunda lake huitwa mbuni na huuzwa kwa bei ya chini; lakini mara nyingi inayopelekwa huko ni ile iliyobaki: matunda ya mwisho wa msimu, yaliyoanguka, yaliyokauka mtini au yaliyokataliwa na mtambo. Bei yake ndogo ni hukumu ya tunda, wala si ya jua.

Chanzo cha pili ni kuchanganya njia na aina ya mti. Robusta nyingi hukaushwa juani, na robusta kwa tabia yake ni chungu zaidi, nzito zaidi, na ina kafeini ipatayo mara mbili ya ile ya arabika. Mlaji akiionja hudhani kwamba jua ndilo lililoifanya chungu. Si hivyo. Robusta ikioshwa hubaki robusta, ingawa kikombe chake huwa safi zaidi; na arabika ikikaushwa juani hubaki arabika.

Ushahidi uko Ethiopia na Yemeni, ambako arabika hukaushwa juani tangu kale. Kahawa ya Harari na ile ya milima ya Yemeni zimejenga sifa yake duniani kwa njia hiyo, na arabika ya jua iliyochumwa na kuanikwa kwa uangalifu huweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko iliyooshwa.

Tofauti ndani ya kikombe

Tukilinganisha arabika nzuri kwa arabika nzuri, kahawa iliyooshwa huwa nyepesi mdomoni na ina uchachu wa kupendeza unaokumbusha limau au tunda bichi kidogo. Ladha zake zinatengana vizuri, na ukimeza hakubaki kitu kizito kwenye ulimi. Kwa kuwa tunda limeondolewa mapema, kinachosikika zaidi ni mbegu yenyewe na ardhi iliyoiotesha.

Kahawa ya jua huwa nzito zaidi, ina utamu mwingi na uchachu mdogo, na mara nyingine ina harufu ya tunda lililoiva sana, zabibu kavu au mvinyo. Mbegu yake imekaa wiki kadhaa ndani ya nyama inayokauka na kuchachuka taratibu, na hilo huacha alama. Alama hiyo ikiwa ya kadiri huwa tamu. Ikizidi huwa uozo. Mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba, na ndiyo maana kahawa za jua hutofautiana sana hata zikitoka kijiji kimoja.

Hakuna kati ya ladha hizo iliyo sahihi kuliko nyingine. Anayekunywa kahawa chungu kwa kashata au aliyetia tangawizi hahitaji uchachu wa limau, na huenda kahawa nzito ya jua ikamfaa zaidi. Anayekunywa bila sukari wala maziwa ataona thamani ya kahawa iliyooshwa waziwazi. Aidha, ukaangaji wa kupita kiasi huzifuta tofauti hizi. Punje ikikaangwa mpaka iwe nyeusi na kutoa mafuta, kinachosikika zaidi ni moto. Kulipa bei ya juu kwa kahawa iliyooshwa, kisha kuinunua ikiwa imekaangwa hivyo, ni kulipia kitu ambacho hakimo tena ndani ya pakiti.

Mnunuzi aangalie nini

Kwanza, asome mambo mawili kwa pamoja: aina ya mti na njia ya utayarishaji. Pakiti isemayo tu "kahawa safi ya Tanzania" haijasema lolote kati ya hayo. Ikiwa muuzaji anadai bei ya arabika iliyooshwa ya mlimani, mnunuzi ana haki ya kuuliza imeandikwa wapi.

Pili, ajihadhari na neno la Kiingereza lenye maana ya "asilia". Katika biashara ya kahawa neno hilo ni jina la njia ya jua. Halimaanishi kwamba kahawa imelimwa bila mbolea za viwandani wala dawa, na haliifanyi kuwa salama zaidi kuliko nyingine.

Tatu, asidhani kwamba herufi za daraja, kama AA, zinataja njia au ladha. Daraja hilo hueleza zaidi ukubwa wa punje. Punje za ukubwa mmoja hukaangika kwa usawa, lakini punje kubwa iliyoharibikia tangini haiponywi na ukubwa wake.

Nne, inapowezekana anunue punje nzima. Katika kahawa iliyokaangwa kwa wastani, mfereji ulio katikati ya punje husema mengi: katika iliyooshwa, utando uliobaki humo huwa mweupe au wa rangi hafifu, katika ya jua, huwa wa kahawia. Dalili hii haifai kwa kahawa iliyokaangwa sana, na katika kahawa ya unga haionekani kabisa. Punje zikionyesha mifereji ya namna mbili ndani ya pakiti moja, huenda ni mchanganyiko. Mchanganyiko si kosa, ila kuuficha kwa bei ya kahawa moja ni kumpunja mlaji.

Tano, aijaribu nyumbani. Atie gramu 11 za unga, karibu vijiko viwili vya chakula, katika mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka. Asubiri dakika nne, avunje tabaka la juu kwa kijiko huku akinusa, kisha aionje bila sukari ikiwa moto, na tena ikishapoa. Kahawa njema huendelea kupendeza ikipoa. Kasoro hujitokeza wakati huohuo. Afanye hivyo katika vikombe vitatu tofauti, kwa kuwa punje chache zilizooza zinaweza kuharibu kikombe kimoja na kukiacha cha pili kizima. Uchachu wa limau si kasoro. Harufu ya siki, ukungu, gunia lililolowa au uozo ni kasoro, kwa njia yoyote na kwa bei yoyote.

Akikuta harufu ya ukungu, asiendelee kuinywa akitumaini kwamba sukari au tangawizi itaifunika. Aifunge pakiti, aitunze pamoja na stakabadhi, airudishe dukani, na aeleze alichokikuta na tarehe aliyonunua. Muuzaji akikataa kumsikiliza, alete malalamiko yake kwetu pamoja na pakiti yenyewe, kwani sehemu iliyobaki ndani yake ndiyo inayoweza kupimwa.